Kamba ile kwenye picha imefunga nini?

Jamani wenzetu, na nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, leo tuna neno kuhusu ile picha.

Mnaijua. Imezunguka kwenye simu zetu wiki nzima: banda kubwa la mianzi la kujengwa Quiterajo watu watakaporudi. Paa limepinda kama mgongo wa nyangumi, kila kiungo kimezungushiwa kamba, na jua linapenya kati ya mianzi na kumwaga madoa ya mwanga juu ya watoto walioketi mkekani. Ni nzuri, hatukatai. Tuliulizwa kama tunaipenda. Kama itasimama, hakuna aliyetuuliza.

Tukampelekea simu fundi mmoja mzee hapa kambini, mtu aliyejenga nyumba za boriti na makuti kabla sisi hatujazaliwa. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama sana, kisha akasema: "Wajukuu zangu, kamba hii imefunga nini?"

Tangu hapo hatuioni tena picha ile kwa macho yale yale. Angalieni wenyewe pale juu ya nguzo. Mianzi sita inakutana ncha kwa ncha hewani, halafu kamba imezungushwa kwa nje kama bangili. Kamba haishiki hivyo. Kamba inashika miti miwili inayopishana: unazungusha kwenye makutano, kisha unapitisha mizunguko mingine katikati ya miti yenyewe, unavuta, na ile ya kwanza inabanwa kiunoni. Kinachoshika ni kule kusuguana. Na ngozi ya mwanzi inateleza, kwa hiyo fundi anafunga karibu na kifundo cha mwanzi, ili kamba ikianza kuteleza igote pale. Kwenye picha vifundo viko popote tu, kama urembo.

Tusieleweke kwamba tunadharau kamba. Pwani hii ya Waswahili mitepe ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ikaenda baharini. Lakini kamba ina masharti yake. Mwanzi mbichi ukikauka unanywea, na kamba iliyokazwa Jumatatu inalegea kabla mwezi haujaisha. Utajua vipi? Shika kiungo, kitikise. Kikilia, au ukiona ngozi ya mwanzi imeng'aa pale kamba inaposugua, kiungo kimeshaanza kutembea. Dawa yake ni kukausha mianzi kwanza, kupigilia kijiti kigumu kinachopita kwenye miti yote miwili, na kurudi kukaza. Hivi kwenye bajeti ya picha ile yumo mtu wa kurudi kukaza?

Wanaotuletea picha hizi hupenda kutaja mabanda makubwa ya duniani. Haya, tulitaje moja. Mwaka 2000 kwenye maonyesho ya Hannover, Ujerumani, Simón Vélez wa Kolombia alisimamisha banda la mianzi linalojulikana mpaka leo. Viungo vyake vizito havikuachiwa kamba. Alipitisha bolti ndani ya mwanzi na kujaza pingili pale kwa saruji, ili bolti isipasue ukuta wa mwanzi. Na kabla Wajerumani hawajakubali, banda zima lilijengwa kwanza kwao Kolombia, la ukubwa ule ule, likapimwa. Wajerumani wenye injinia kila mtaa walidai kupimiwa. Sisi tunapewa picha tubonyeze dole gumba.

Sasa hilo paa lililopinda. Mianzi ya picha ni minene kama paja, nayo imekunjwa kama fimbo mbichi. Mwanzi mnene namna ile ukiukunja hivyo unapasuka upande wa nje. Ukitaka mpindo, unapasua mianzi kuwa fito, unazikunja moja moja, unazilaza pamoja safu juu ya safu na kuzifunga zikiwa zimeshapinda. Inawezekana, na mwanzi wetu wa bara, ulio mwembamba, unafaa kwa kazi hiyo. Ila ukishapata tao unapata na tabia yake: linasukuma miguu nje. Upinde unakaa umepinda kwa sababu ya uzi wake, ukikata uzi unafunguka. Kwenye picha hatuoni uzi. Hakuna mti unaounganisha miguu miwili, hakuna msingi wa kuizuia. Miguu imekaa juu ya mawe mazuri ya mviringo, basi.

Na upepo je? Sisi wa pwani ya Macomia hatuhitaji kuelezwa. Kenneth ilitua tarehe 25 Aprili 2019 pwani hii hii. Tuchukue upepo mdogo kuliko ule, mita 40 kwa sekunde, yaani kama kilomita 144 kwa saa. Mafundi wa hesabu wanazidisha 0.6 kwa mwendo, kwa mwendo tena: 0.6 × 40 × 40 ni 960, karibu kilo 100 kwa kila mita mraba. Banda la mita 8 kwa 6 lina mita mraba 48. Kwa vile halina kuta, upepo unaingia chini na kulinyanyua, tuseme kwa nguvu hiyo yote: kilo 4,800. Paa la mianzi na makuti tulipe ukarimu wa tani nzima. Zinabaki kilo 3,800 zinazotaka kuruka, na nguzo ni 8. Kila nguzo inavutwa juu kwa kilo 475.

Ili mguu mmoja using'oke unahitaji zege la kujaza shimo la sentimita 50 kwa 50, kina 80. Tena mwanzi wenyewe usizikwe humo, maana ukigusa udongo unaoza ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Unasimamishwa juu ya zege, umeshikwa kwa nondo. Mguu wa picha umeshikwa na kivuli chake.

Tumalizie na mwanga, kwa sababu ndio uliotupumbaza. Jua linapopenya paani na mvua inapenya hapo hapo. Watoto wataloa, hilo dogo. Mianzi na kamba zitaloa kila masika, mwanzi utaota ukungu, kamba zitaoza kwenye vile vile viungo vinavyotegemewa. Mwanga wa madoa unapatikana bila kutoboa paa. Ezeka makuti mazito, toa ukingo wa paa mita moja na zaidi nje ya nguzo, kisha weka vimia vya mianzi pembeni na kwenye pembetatu za mbele na nyuma. Jua la asubuhi na la jioni litaingia kwa ubavu na madoa mtayapata.

Kinachotuchoma ni hiki. Banda la namna hii likianguka, mchora picha atakuwa nchi nyingine na kazi nyingine. Atakayelaumiwa ni fundi wa Quiterajo: eti alifunga vibaya. Wakati alipewa kiungo kisichofungika.

Kwa hiyo kikao kijacho msituletee picha. Leteni kiungo kimoja, kile cha juu ya nguzo, mianzi ya kweli na kamba ya kweli, ukubwa wake kamili. Tutakining'iniza kwenye mwembe na kukifungia magunia kumi ya mchanga, ya kilo 50 kila moja. Mchanga tutachota wenyewe.