Barua ya Wazi kwa Kamishna Mkuu wa TRA: Mnunuzi wa Hatifungani Asilipishwe Kodi ya Riba ya Mwenzake

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Dar es Salaam.

Nakala: Gavana, Benki Kuu ya Tanzania.

Ndugu Kamishna Mkuu,

Nakuandikia kutoka Elerai, Arusha, kuhusu jambo linalomgusa kila anayenunua hatifungani ya Serikali katika soko la upili, yaani anayeinunua kwa mtu aliyekuwa nayo badala ya kuipata kwenye mnada wa Benki Kuu. Hatifungani zetu hulipa kuponi kila nusu mwaka, lakini shida za watu hazisubiri kuponi. Ada ya shule inadaiwa Januari, mgonjwa anahitaji matibabu, msimu wa mbegu unafika, na mwenye hatifungani anauza katikati ya kipindi. Siku hiyo anakuwa amekwisha kuchuma riba ya siku kadhaa ambayo bado hajalipwa. Mnunuzi humlipa riba hiyo juu ya bei ya hatifungani yenyewe, kisha kuponi ikifika anaipokea nzima, kwa kuwa jina lake ndilo lililo kwenye daftari. Hiyo ndiyo riba iliyolimbikizwa, na mpaka hapo kila mtu amepata haki yake. Haki inapotea kodi inapoingia.

Hatifungani ya miaka miwili ndiyo inayohusika zaidi, kwa sababu kuponi yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, wakati zile za muda mrefu zimepewa msamaha. Tuchukue mfano wa hatifungani ya namna hiyo yenye thamani ya Sh 20,000,000 na kuponi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kila nusu mwaka inalipa Sh 1,000,000. Tuseme kipindi kina siku 182, na hatifungani imebadili mikono siku ya 120 kwa bei ya shilingi mia kwa mia. Riba iliyolimbikizwa ni Sh 1,000,000 mara 120 gawanya kwa 182, sawa na Sh 659,341. Kwa hiyo mnunuzi analipa Sh 20,659,341, bila kuhesabu ada ya dalali. Siku 62 baadaye kuponi inatoka, kodi ya Sh 100,000 inakatwa, na akaunti yake inaingia Sh 900,000.

Tuangalie sasa amechuma nini hasa. Katika hizo Sh 1,000,000, Sh 659,341 ni fedha zake mwenyewe alizozitanguliza kwa muuzaji. Kipato chake ni riba ya siku 62, yaani Sh 340,659, na asilimia 10 ya hiyo ni Sh 34,066. Yeye lakini amekatwa Sh 100,000, ambayo ni zaidi ya asilimia 29 ya alichochuma. Zile Sh 65,934 za ziada ni kodi ya riba ya muuzaji, ambaye alipokea chake chote siku ya mauzo bila mtu kumkata kitu. Hazina imepata jumla inayostahili. Kosa ni kwamba imeichukua kwa mtu asiyehusika.

Kadiri siku ya kuponi inavyokaribia, ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya. Hatifungani hiyohiyo ikinunuliwa siku 10 kabla ya kuponi, riba iliyolimbikizwa inafika Sh 945,055. Mnunuzi anapokea Sh 900,000 baada ya kodi. Amechuma Sh 54,945, amekatwa Sh 100,000, na ameishia na upungufu wa Sh 45,055. Katika siku 18 za mwisho za kipindi, kodi inayokatwa inazidi riba yote aliyoichuma mnunuzi. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inatoza kipato. Siamini kuwa Bunge liliwahi kukusudia mtu alipe kodi kubwa kuliko kipato chenyewe.

Najua jibu la kwanza litakalotolewa: soko litajirekebisha lenyewe, maana mnunuzi mwenye akili atampunguzia muuzaji bei. Jibu hilo lina ukweli, na hesabu yake ni nzuri. Pande mbili zikikubaliana kuwa riba iliyolimbikizwa ilipwe baada ya kutoa asilimia 10, mnunuzi wetu wa siku ya 120 atalipa Sh 593,407 badala ya Sh 659,341. Kuponi ikifika, atabakiwa na Sh 306,593, ambayo ndiyo riba ya siku zake 62 baada ya kodi halali. Muuzaji naye atakuwa amebeba mzigo wake. Lakini mapatano hayo yanasimama pale tu wote wawili wanapotozwa kodi sawa. Muuzaji akiwa taasisi yenye msamaha, atakuwa amekatwa Sh 65,934 asizodaiwa na mtu. Mnunuzi akiwa ndiye mwenye msamaha, atapokea kuponi nzima bila makato, na zile Sh 65,934 zitabaki mfukoni mwake badala ya kwenda Hazina. Zaidi ya hayo, mapatano ya namna hii yanamfaa anayeijua hesabu. Mwalimu au mfanyabiashara mdogo anayenunua kwa mara ya kwanza hupokea hati ya mauzo yenye thamani ya hatifungani, bei kwa kila shilingi mia, riba iliyolimbikizwa na ada. Hawezi kujua kama riba hiyo imeandikwa kabla ya kodi au baada ya kodi mpaka aandikiwe waziwazi.

Jibu la pili ni kwamba kodi ya zuio iliwekwa iwe rahisi: anayelipa riba anakata, anawasilisha, basi. Urahisi huo nauheshimu, na sitaki Benki Kuu ianze kumtafuta kila muuzaji wa zamani. Lakini hatifungani zetu si karatasi zinazopita mkono kwa mkono. Zimo kwenye daftari la kielektroniki, na kila uhamisho una tarehe. Anayejua tarehe ya uhamisho, tarehe ya kuponi iliyotangulia na kiwango cha kuponi anayo kila namba niliyoitumia hapo juu. Hesabu yenyewe ni kuzidisha mara moja na kugawanya mara moja.

Jibu la tatu ndilo linalostahili kupimwa kwa makini zaidi, nalo ni hofu ya mianya: ukimruhusu mnunuzi kutoa riba iliyolimbikizwa, watu watabuni ununuzi ili kupunguza kodi. Ukweli ni kwamba mwanya mkubwa uko katika utaratibu wa sasa wa kumtazama mwenye jina siku ya kuponi peke yake. Mtu anayetozwa kodi anaweza kumuuzia asiyetozwa siku chache kabla ya kuponi, akalipwa riba yake yote ndani ya bei, kisha akainunua tena baada ya kuponi kutoka. Uingereza ilisumbuliwa na mchezo huo kwa miaka mingi, mpaka ilipotunga sheria mwaka 1985 na kuanza kuitumia tarehe 28 Februari 1986. Tangu hapo, riba iliyolimbikizwa inahesabiwa kuwa kipato cha muuzaji, na mnunuzi anaitoa kwenye kuponi yake ya kwanza. Wenye hatifungani za thamani ndogo, zisizozidi pauni 5,000, waliachwa nje ya utaratibu huo ili wasisumbuliwe. Marekani nako mnunuzi huandika kuponi yote kwenye jedwali la riba la fomu yake ya kodi, kisha chini yake anatoa riba aliyomlipa muuzaji. Nchi zote mbili zinaibana riba iliyolimbikizwa pande zote: kinachotolewa kwa mnunuzi lazima kionekane kwa muuzaji. Ukikata upande mmoja tu, mwanya unabaki.

Wapo watakaosema jambo lenyewe ni dogo, kwa kuwa hatifungani za muda mrefu hazitozwi. Lakini ya miaka miwili ndiyo inayomfaa mwenye akiba asiyeweza kufunga fedha zake miaka 20, na ndiyo anayolazimika kuiuza mapema mambo yakimgeuka. Hata kwenye zile zenye msamaha suala halijaisha. Anayeuza hatifungani ya miaka 20 miezi minne baada ya kuponi hupokea bei kubwa kuliko thamani ya hatifungani yenyewe, na sehemu ya ziada hiyo ni riba ya miezi minne. Ikisomwa kama faida ya mauzo, msamaha uliotolewa kwa riba utakuwa umemponyoka kwa sababu tu ya siku aliyouza.

Kwa kampuni na vikundi vinavyowasilisha hesabu kila mwaka, kosa linakuja kwa sura nyingine. Mhasibu akiandika kuponi yote ya Sh 1,000,000 kuwa kipato, na Sh 20,659,341 yote kuwa gharama ya hatifungani, kampuni inalipa kodi ya asilimia 30 juu ya fedha zake yenyewe mwaka huu, kisha hatifungani inapoiva inaonyesha hasara ya Sh 659,341 ambayo haikuwahi kutokea. Uandishi sahihi unatenganisha tangu siku ya kwanza: Sh 20,000,000 ni gharama ya hatifungani, Sh 659,341 ni riba iliyonunuliwa, inayofutwa kuponi ikiingia, na kipato kinachobaki ni Sh 340,659. Mkaguzi wa kodi na mhasibu wakiwa na mwongozo mmoja, ubishi huu unakwisha kwa dakika chache.

Nchi jirani zinalijua tatizo hili kwa viwango vikubwa zaidi. Kenya hukata asilimia 15 kwenye hatifungani za kawaida za chini ya miaka 10 na asilimia 10 kwa za miaka 10 na kuendelea. Uganda hukata asilimia 20, au 10 kwa zile za miaka 10 na zaidi. Kwa mkato wa asilimia 20, eneo ambalo kodi inazidi kipato cha mnunuzi linapanuka kutoka siku 18 hadi siku 36. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako hapa Arusha, inataka wananchi wake wanunue hatifungani za nchi wanachama kuvuka mipaka. Tanzania ikitangulia kuweka kanuni iliyo wazi, wenzetu watakuwa na mahali pa kuanzia.

Ninachoomba, Ndugu Kamishna Mkuu, kinaweza kuandikwa kwenye kurasa mbili. Mamlaka itoe mwongozo unaotamka kuwa riba iliyolimbikizwa ni riba ya muuzaji kwa siku alizoishika hatifungani, iwe inatozwa au ina msamaha, na kwamba mnunuzi anaitoa kwenye kuponi ya kwanza anayoipokea. Hati ya kodi ya zuio ionyeshe siku ambazo mwenye nayo aliishika hatifungani, ili aliyekatwa zaidi aweze kudai kilicho chake bila kubishana. Mkae na Benki Kuu, Soko la Hisa la Dar es Salaam na madalali, ili kila hati ya mauzo iandike riba iliyolimbikizwa kwenye mstari wake, pamoja na idadi ya siku, kigawanyo kilichotumika, na kama kodi imekwisha kutolewa au bado. Na mpaka mfumo wa Benki Kuu utakapoweza kugawa makato wenyewe siku ya uhamisho, mkubali hati hiyo ya mauzo kuwa ushahidi wa kutosha kwa anayeomba kurejeshewa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi wa Elerai, Arusha