Jumla ya Mwaka Lazima Izaliwe na Miezi Yake

Ndugu zangu wauzaji wa mtandaoni wa Manyoni, leo nina ugomvi kidogo na makadirio ya mauzo tunayoyaandika kwenye maandiko ya kuombea mkopo.

Kuna kauli naisikia sana: "Haya ni makadirio tu, hayana shida." Mimi sikubaliani nayo. Makadirio yanaruhusiwa kukosea kuhusu kesho, maana kesho hakuna anayeijua. Hayaruhusiwi kukosea hesabu yake yenyewe. Ukiandika kwamba mauzo yatakua asilimia 5 kila mwezi, basi jumla ya mwaka imeshajiamulia. Huwezi kuandika nyingine unayoipenda.

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha akina mama kinauza asali kupitia WhatsApp, mzigo unapakiwa kwenye basi kwenda Dodoma na Dar. Wanaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Januari wanatarajia kuuza sh. 1,000,000, na wamesema mauzo yatakua asilimia 5 kila mwezi. Chini wameandika jumla ya mwaka: sh. 19,200,000.

Hiyo 19,200,000 imetoka wapi? Wamechukua milioni moja mara 12, wakapata milioni 12. Halafu wakasema asilimia 5 mara miezi 12 ni asilimia 60. Wakaongeza asilimia 60 juu ya milioni 12. Inaonekana hesabu nzuri tu, ila ina makosa mawili.

Kosa la kwanza, ile asilimia 60 wameiweka kwenye mwaka mzima, kana kwamba hata Januari ilishakua. Januari haijakua, ndo mwezi wa kuanzia. Februari imekua mara moja tu, Machi mara mbili, na Desemba mara 11. Kosa la pili, asilimia 5 za kila mwezi hazijumlishwi hivyo. Kila moja inapigwa juu ya mauzo ya mwezi uliopita, ambayo nayo yalishaongezeka.

Twende taratibu kwa kikokotoo cha simu. Andika 1000000, zidisha kwa 1.05. Februari ni 1,050,000. Jibu hilo zidisha tena kwa 1.05, Machi ni 1,102,500. Endelea hivyo hivyo mpaka Desemba, utapata kama 1,710,000. Sasa jumlisha miezi yote 12: ni kama sh. 15,917,000.

Tofauti na walichoandika ni zaidi ya milioni tatu. Na hapo ndo hela inapouma. Tuseme wameahidi kutenga sh. 10 katika kila sh. 100 ya mauzo kwa ajili ya rejesho. Kwa karatasi yao wanategemea kutenga 1,920,000 kwa mwaka. Hata biashara ikienda vilevile walivyopanga, bila mteja hata mmoja kukimbia, watapata kama 1,592,000. Pengo la sh. 328,000 limeingia kwenye karatasi kabla hawajauza hata lita moja. Mkopo ule hauna riba, lakini rejesho liko palepale.

Kama unatumia jedwali la kompyuta au la kwenye simu, weka mauzo ya Januari kwenye B2 na ukuaji, yaani 0.05, kwenye E1. Kwenye B3 andika fomula ya kwanza hapa chini, uivute mpaka B13. Kwenye B14 weka ya pili.

```
=B2*(1+$E$1)
=SUM(B2:B13)
```

Angalia vizuri fomula ya kwanza. Alama za dola ziko kwenye E1 tu. Ukizibandika na kwenye B2, kila mwezi utarudi kupigia hesabu Januari, na Februari mpaka Desemba zote zitasoma 1,050,000.

Kosa linalojificha zaidi ni kuongeza sh. 50,000 ileile kila mwezi. Jumla yake inakuja 15,300,000, karibu na ile sahihi, kwa hiyo hakuna anayestuka. Utaligundua hivi: linganisha hatua ya mwanzo na ya mwisho. Toka Januari kwenda Februari ongezeko ni 50,000. Toka Novemba kwenda Desemba linatakiwa liwe kama 81,000. Ukikuta hatua zote zinalingana, hiyo si asilimia 5 ya kila mwezi.

Ukiletewa karatasi ya mtu na huna muda wa kurudia yote, kuna jaribio la haraka. Jumlisha Januari na Desemba, gawa kwa 2, zidisha kwa 12. Kwa mfano wetu unapata kama milioni 16.26. Jumla sahihi huwa chini kidogo ya hapo, kwa sababu ongezeko kubwa liko miezi ya mwisho. Milioni 19.2 iko juu sana, kwa hiyo kuna kitu hakijakaa sawa.

Mwaka wa pili ndo wengi tunateleza kabisa. Unakuta mtu kachukua jumla ya mwaka wa kwanza, kaongeza asilimia 5, kaandika milioni 16.7. Lakini Desemba alishafika 1,710,000 kwa mwezi. Hata asipokua tena hata kidogo, miezi 12 ya kiwango hicho ni zaidi ya milioni 20. Ile milioni 16.7 inasema biashara imeporomoka, na mwenyewe hajui kama kasema hivyo. Ukuaji ukiendelea kweli, Januari ya pili inaanza kwenye 1,796,000, na jumla ya mwaka inafika kama milioni 28.6.

Sasa hapo utasema, "Mbona milioni 28.6 ni nyingi mno, nani ataamini?" Safi kabisa, hilo ndilo swali nililotaka ujiulize. Tuseme lita moja unauza 10,000. Januari ya kwanza ni lita 100. Desemba ya mwaka wa pili ni lita 307 kwa mwezi mmoja. Asali ina msimu wa kurina. Hizo lita 307 utazinunua kwa nani, utazihifadhi kwenye ndoo ngapi, na mtaji wa kununua mapema msimu ukiwa umefunguka uko wapi?

Kama huna majibu, usiikate jumla ya mwaka ili ionekane ya adabu huku asilimia 5 umeiacha juu. Rudi kwenye asilimia yenyewe. Weka 2, halafu acha miezi izae jumla upya: mwaka wa kwanza unakuja kama milioni 13.4. Au sema ukuaji ni wa miezi sita tu, baada ya hapo mauzo yanatulia. Vyote vinakubalika, mradi miezi na jumla viseme lugha moja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kabla kikundi hakijasaini andiko, mwanachama mmoja ambaye hakuliandika akae na simu yake na azidishe mwezi kwa mwezi. Ni kazi ya dakika kumi. Tofauti ya shilingi chache isimsumbue, ni tarakimu zilizozungushwa. Tofauti ya laki na milioni irudishwe kwa aliyeandika, hata kama ni mwenyekiti.