Hoja Imefungwa, Kosa Bado Lipo

Kila mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapokabidhi ripoti yake kwa Rais kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, mjadala wetu huishia kwenye aina ya hati. Halmashauri imepata hati inayoridhisha au yenye shaka? Sisi wakazi wa Madale, tunaosubiri zahanati na madarasa yakarabatiwe kwa fedha za umma, tunapaswa kuuliza jambo la awali zaidi: makosa yaliyoonekana wakati wa ukaguzi yalipimwaje kabla hati haijaandikwa?

Tuchukue halmashauri ya kubuni yenye matumizi ya shilingi bilioni 12. Mkaguzi ameamua kuwa makosa yakizidi milioni 120 kwa jumla, yatampotosha msomaji wa hesabu. Hicho ndicho kikomo chake cha umuhimu. Malipo makubwa ameyakagua yote, moja baada ya jingine, na humo amekuta malipo ya milioni 35 yaliyoandikwa mara mbili. Vocha ndogondogo za ukarabati, zenye jumla ya bilioni 3, hawezi kuzimaliza. Amechagua kwa nasibu vocha 100 zenye thamani ya milioni 500. Kati ya hizo, vocha chache zinaonyesha saruji na mabati yaliyoandikwa kuwa matumizi ilhali hadi tarehe 30 Juni vifaa vilikuwa havijapokelewa. Kosa ni milioni 15.

Hapa ndipo menejimenti hujibu hoja kwa wepesi. Inasahihisha milioni 35 na milioni 15, inaambatisha vielelezo, kisha inaomba hoja ifungwe. Jibu hilo linatosha kwa milioni 35, kwa sababu malipo makubwa yote yalipitiwa na hakuna yaliyobaki gizani. Kwa milioni 15 halitoshi. Kosa hilo ni asilimia 3 ya sampuli, na asilimia 3 ya bilioni 3 ni milioni 90. Ukisahihisha milioni 15 zilizoonekana, milioni 75 zinazokadiriwa zimebaki katika vocha ambazo hakuna aliyezifungua.

Afisa Masuuli makini atasema kuwa milioni 75 ziko chini ya kikomo cha milioni 120, basi na tusonge mbele. Lakini milioni 75 ni makadirio tu. Sampuli nyingine ya vocha 100 ingeweza kutoa asilimia 2, au asilimia 5. Ikiwa ni asilimia 5, kosa zima ni milioni 150, na hata baada ya marekebisho yale kikomo kimevukwa. Kadiri makadirio yanavyokaribia kikomo, ndivyo mkaguzi anavyopaswa kuwa na wasiwasi zaidi.

Utetezi mwingine ni kwamba kosa lilikuwa la bahati mbaya: mtunza stoo alikuwa likizo. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 530 kinamruhusu mkaguzi kuliita kosa la kipekee kwa nadra sana, tena baada ya kupata ushahidi wa ziada kuwa halikutokea kwingine. Maelezo ya mdomo hayatoshi. Iwapo vocha zililipwa bila hati ya kupokea bidhaa mwezi ambao mtunza stoo huyo alikuwepo kazini, utetezi umeanguka.

Kwa hiyo mkaguzi aombe nini? Hawezi kuagiza milioni 75 ziandikwe kwenye vitabu, kwa kuwa hakuna ajuaye ni za vocha zipi. Kiwango namba 450 kinampa njia: aiombe menejimenti ichunguze kundi zima la vocha hizo, itambue chanzo na kiasi halisi, kisha irekebishe. Tuseme menejimenti inalinganisha vocha zilizobaki na hati za kupokea bidhaa, na kukuta milioni 82. Zikisahihishwa, mkaguzi bado hujaribu baadhi ya vocha hizo mwenyewe, ili ajue kwamba kazi ilifanyika kweli. Menejimenti ikikataa, anapima sababu zake, anaweka makosa yasiyorekebishwa kwenye orodha, na anadai barua yenye sahihi ya viongozi wakisema iwapo wanayaona kuwa madogo. Yakizidi kikomo, hati haiwezi kuwa ya kuridhisha.

Ninaamini orodha hiyo ingepaswa kuwekwa mbele ya madiwani na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa pamoja na hati yenyewe. Diwani anayeambiwa kuwa hoja imefungwa ana haki ya kuuliza swali moja: mmesahihisha vocha zilizokaguliwa, au mmezifungua na zile ambazo hazikukaguliwa?