Msiba umetokea Mwankoko, wewe uko Unguja: utawahi nini?

Leo nawaandikia hasa nyinyi mlioolewa visiwani hali kwenu ni bara ya mbali, na mabibi harusi watarajiwa ambao posa zimeshakubaliwa na bado hamjakaa na mchumba kuzungumza simu ya alfajiri ikilia itakuwaje.

Shoga yangu mmoja ni Mnyaturu wa Mwankoko, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida. Ana miezi michache tu ya ndoa hapa mjini. Saa 10 alfajiri akapigiwa simu kuwa baba yake amefariki, Allah amrehemu, na mazishi ni leo hii baada ya Alasiri. Mtoto wa watu akavaa baibui, akambeba mumewe juu juu mpaka bandarini. Pale wakakutana na kijana aliyewauzia tiketi za basi la Singida kwa shilingi 60,000 kila mmoja, "mabasi yamejaa, dada, hizi ndizo za mwisho". Kufika stendi ya Magufuli, Mbezi, tiketi zina majina ya watu wengine na basi lenyewe halijulikani. Wakanunua upya. Waliingia Mwankoko kesho yake asubuhi, baba ameshalala kaburini tangu jana.

Nami nasema kosa halikuanza kwa yule kijana. Lilianza pale ambapo hakuna aliyekaa dakika tano akapiga hesabu.

Tuipige sasa. Boti ya kwanza ya asubuhi inakufikisha Dar es Salaam kama saa 3. Kutoka Dar mpaka Singida ni kama kilomita 690, kwa basi siku nzima barabarani, si chini ya saa 11 ukijaaliwa. Ukipata treni ya umeme ya SGR unafika Dodoma kwa saa tatu na nusu hadi nne, lakini Dodoma si Singida. Zimebaki kilomita kama 240 za kupitia Bahi, Manyoni na Ikungi, nazo ni saa nne nyingine. Hata kila kitu kikikunyookea, bila kungoja popote, unaingia Singida kama saa 11 jioni. Ndege nayo inakushusha Dodoma, na zile kilomita 240 ziko pale pale. Kwa ufupi, msafiri anayetoka Unguja kwa boti ya asubuhi hawahi mazishi ya Alasiri Mwankoko. Hawahi, basi.

Ukishalijua hilo, unauliza swali la pili: je, wanizike leo au wanisubiri? Hapa nina msimamo na najua wengine watanuna. Tumefundishwa kuharakisha mazishi. Maiti asicheleweshwe kwa sababu ya binti aliye mbali. Baba wataoshwa na wanaume, na sisi wanawake si wa kwenda makaburini kuzika. Alichokuwa akikitafuta shoga yangu ni uso wa mwisho, na uchungu huo siudharau hata kidogo. Lakini mwambie kaka yako kwenye simu ile ile: "Zikeni, mimi nakuja kwenye tanga." Msiba wa mzazi tunaukalia siku tatu. Eda ya miezi minne na siku kumi ni ya mjane, na huyo mjane ni mama yako. Yeye ndiye safari yako. Kesho watu wakianza kupungua ndipo atakapokuhitaji.

Sasa nauli. Tofauti na ndege, ambayo kiti cha mwisho huwa ghali, nauli ya basi la mkoani haipandi kwa sababu umechelewa. LATRA wameweka kikomo kwa kilomita. Kwa viwango vya Desemba 2023, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita na daraja la kati 67.84. Zidisha kwa 690: unapata kama 33,400 na 46,800. Viwango hurekebishwa, kwa hiyo angalia vya sasa, ila hesabu ni hiyo hiyo. Anayekutajia 60,000 kwa madaraja hayo anakuuzia machozi yako. Treni nayo ina nauli iliyopangwa. Safari ya Dodoma ilipoanza mwaka 2024 daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000. Viti ndivyo huisha, hasa mwisho wa wiki, basi tazama sgrticket.trc.co.tz kabla hujapanda boti, si baada ya kushuka.

Usinunue tiketi ya basi bandarini wala njiani. Piga simu ofisi ya kampuni, au nunua dirishani Mbezi, na uhakikishe tiketi ya kielektroniki ina jina lako, namba ya gari na nauli uliyolipa. Mtu akikuandikia kiasi pungufu ya ulichompa, ujue tayari. Na usihofu kuwa ukikosa basi la asubuhi utalala stendi: tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku. Ukitoka Mbezi jioni, asubuhi uko stendi ya Singida, na kwenda Mwankoko ni bajaji tu.

Vitambulisho ni vya kukaa pamoja siku zote: NIDA au cha Mzanzibari mkaazi, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama unaye. Bila kitambulisho, treni itakusumbua na boti unaweza kutozwa nauli ya mgeni. Shoga yangu jina lake la kitambulisho si lile analoitwa nyumbani. Aliyemkatia tiketi ya kurudi aliandika la nyumbani, ikawa mtihani mwingine.

Ruhusa ya kazi imejaa kutoelewana. Mdogo wake anafanya kazi kiwandani Dar, na alidhani ana siku nne za msiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya Tanzania Bara, kweli inatoa siku nne zenye malipo kwa kufiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa, au mtoto kufariki au kuumwa. Ila siku hizo nne ni za mzunguko wa miezi 36, si za kila msiba. Yeye alishazitumia mwaka uliopita mwanawe alipolazwa. Zilizobaki ni siku za bila malipo kwa ridhaa ya mwajiri, au akate likizo yake ya mwaka, na ndivyo alivyofanya. Angalieni pia kwamba mkwe hayumo katika orodha ile, wala shangazi na mjomba.

Huku kwetu kazi si jambo la Muungano. Tuna Sheria ya Ajira ya Zanzibar ya 2005. Kwa hiyo mume wake, anayefanya kazi hotelini, asingeweza kudai siku nne za bara. Alituma ujumbe wa maandishi kwa msimamizi akiwa bado kwenye boti: nani amefariki, wapi, anarudi siku gani, nani anashika zamu yake. Akapewa siku tano za likizo yake.

Mwajiri ana haki ya kuomba uthibitisho. Kabla ya kuondoka Mwankoko, piga picha kibali cha mazishi na uombe barua ya mtendaji, yenye jina la marehemu na uhusiano wenu. Shoga yangu alikumbuka yuko Dodoma njiani, ikabidi kaka yake arudi ofisini Jumatatu. Picha ile ile ya kibali ndiyo waliyoitafuta tena wiki ya pili, walipoanza kufuatilia cheti cha kifo kwa ajili ya mirathi.