Masala ya Stoki Yanatuua: Hifadhi Viungo Vizima, Saga kwa Oda

Wauzaji wenzangu wa Kibiti, Nyamisati, Mbwera na kote huko delta, leo nasema jambo ambalo wengine hamtalipenda. Tuache kusaga garam masala kilo tatu au nne kwa mkupuo halafu tunaziweka ndani miezi miwili tukisubiri oda. Hiyo biashara inawafaa watu wa sehemu kavu wenye mitambo. Sisi tunaishi kwenye mto, mikoko na bahari, hewa yetu ina maji. Unga wa viungo unakunywa unyevu kuliko unavyodhani.

Najua kwa sababu yalinikuta. Masika moja nilisaga kilo mbili usiku ili asubuhi niwahi gari. Nikafungasha zikiwa na uvuguvugu, nikajiona mchapakazi. Baada ya wiki tatu mama mmoja wa Mafia akanipigia: "Mwanangu, haya masala yananuka gunia, halafu yameganda kama sabuni." Nikafungua pakiti zilizobaki ndani, zote zilikuwa hivyohivyo. Nikarudisha hela za watu na unga wote nikamwaga.

Kosa langu lilikuwa nini? Kiungo kizima kina ganda, na harufu iko ndani kama mafuta. Ukikisaga umevunja kila ukuta, mafuta yanaanza kupotea na unyevu unaingia. Halafu ukifunga unga wenye joto, mvuke hauna pa kwenda. Unapoa, unageuka matone ndani ya pakiti, na hayo matone ndiyo yanaanzisha mabonge na ukungu. Iliki nzima, karafuu au pilipili manga kavu kwenye chombo kinachobana zinakaa mwaka na bado zinanukia. Zikishasagwa, mimi najipa miezi miwili tu. Baadaye unga unaweza usiwe umeharibika, ila mteja anaweka vijiko viwili pale alipokuwa anaweka kimoja, na hatarudi kwako.

Kwa hiyo stoki yangu sasa ni viungo vizima. Unga nasaga mara moja kwa wiki, kulingana na oda nilizopokea. Nakuonesha mafungu yangu madogo, upime mwenyewe.

Nachukua giligilani gramu 100, binzari nyembamba (wengine mnaiita jira) gramu 50, pilipili manga 25, mdalasini 20, iliki 20, karafuu 10 na kungumanga nusu. Jumla ni kama gramu 228. Tumia mizani ndogo ya jikoni, usipime kwa kijiko. Karafuu zikizidi kidogo tu, pilau lote linakuwa na ladha ya dawa ya meno, na mteja hatajua kama ni kijiko chako kilichokosea.

Kabla ya kukaanga, kagua ukavu. Giligilani ukiifinya kwa kucha ipasuke, isibonyee. Mdalasini ukiukunja ukatike kwa mlio. Kama una wasiwasi, weka viungo kwenye chupa ya kioo inayoonesha ndani, funga, iache juani kama saa nzima. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, hivyo viungo bado. Vianike kwenye sinia saa moja au mbili za jua kali, vitoe. Usiviache juani kutwa nzima, maana jua nalo linaondoa harufu.

Kukaanga ni kwa moto mdogo. Kama unatumia mkaa, punguza makaa yabaki machache, na sufuria iwe nzito. Kaanga kila kiungo peke yake. Watu wengi wanamwaga vyote pamoja, matokeo yake binzari nyembamba inaungua wakati giligilani haijapata hata joto. Giligilani inachukua dakika tatu au nne. Binzari nyembamba moja hadi mbili. Pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu ni kupasha tu, dakika mbili zinatosha. Kungumanga usiikaange, ikwangue mwishoni. Alama yako ni harufu: ikipanda na rangi ikabadilika kidogo, epua. Ukiona moshi umechelewa. Kiungo kilichoungua ni kichungu na hakuna cha kukiokoa, kitupe kabla hakijaharibu vingine.

Sasa pale nilipoanguka mimi. Ukishaepua, tandaza kwenye sinia pana, ndani ya nyumba, upepo upite. Subiri nusu saa au zaidi mpaka ukigusa katikati ya rundo usisikie joto kabisa. Lakini usiviache mpaka kesho yake, kwa sababu usiku huku kwetu hewa inalowa na viungo vilivyokaangwa vinanyonya unyevu haraka. Mimi nakaanga asubuhi, nasaga kati ya saa nne na saa tisa mchana, muda ambao hewa imekauka kidogo. Siku ya mvua ya kutwa sisagi. Namwambia mteja asubiri, na hakuna aliyenikimbia kwa hilo.

Kusaga tumia blenda yenye kikombe kidogo cha viungo, au kinu na mchi. Blenda iendeshe sekunde kumi na tano, izime, itikise, endelea. Ukiiacha inazunguka dakika tatu mfululizo unga unapata moto na ile harufu unayoisikia imejaa chumba ndiyo hela yako inaondoka. Chekecha, yaliyobaki juu rudisha usage tena. Na tafadhali, usipeleke mashine ya kusagia mahindi. Utarudi na masala yenye unga wa sembe, na mwenye jicho ataona.

Unga nao uache upoe kama dakika ishirini, umefunikwa na kitambaa kikavu, ndipo ufungashe. Jaza pakiti mpaka karibu na juu, toa hewa kwa kiganja, funga vizuri. Andika tarehe ya KUSAGA, siyo ya kuuza. Hifadhi mbali na jiko, juu ya meza au rafu, kamwe siyo sakafuni. Wengine mnauliza kuhusu friji. Siipendi kwa masala ya kila siku: ukitoa chombo cha baridi kwenye joto letu, kinatoa jasho, na kila unapofungua lile jasho linaingia ndani.

Haya, tuje kwenye hela, maana ndiko mnakonibishia. Tuseme viungo vya hayo mafungu vimekugharimu shilingi 5,000, pakiti nne 1,200, mkaa na umeme 600. Jumla 6,800. Ukikaanga na kuchekecha utapoteza kidogo, utabaki na kama gramu 210, yaani pakiti nne za gramu 50 na kinachobaki ni cha kunusisha wateja. Ukiuza 2,500 kila moja unapata 10,000, faida 3,200. Sasa pakiti moja tu irudi imeganda, umrudishie mtu hela yake. Umebaki na 7,500, faida imeshuka mpaka 700. Pakiti moja kati ya nne imekula zaidi ya robo tatu ya faida yako. Ndiyo maana nasema stoki ya unga siyo mtaji, ni mkopo unaodaiwa na unyevu.

Mtu ataniambia, "Mteja wa mtandaoni anataka sasa hivi, ukimwambia asubiri anaenda kwa mwingine." Ni kweli, kwa sabuni na vitenge. Kwa masala, kusubiri ndiyo bidhaa yenyewe. Kila wiki naweka WhatsApp stetasi Jumatatu: "Nasaga Alhamisi, oda zinafungwa Jumatano usiku." Alhamisi naweka video fupi ya sinia linalotoka jikoni. Mteja anayeona tarehe ya kusaga ni juzi hahitaji kushawishiwa. Kwa wale wa visiwani na delta naangalia kwanza maji ya kusafiria, kwa sababu boti zinafuata kujaa na kupwa. Nikisaga Alhamisi na boti inaondoka Ijumaa, mzigo haulali gatini. Pakiti zinaingia kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, siyo mfuko mtupu, maana maji ya chumvi yakirukia tu kazi yote imekwisha.

Kuna jambo lingine siwezi kulinyamazia. Wapo wanaochukua masala yaliyoganda, wanayavunjavunja, wanaanika, wanakaanga tena na kuyauza kama mapya. Jamani, hapana. Ukungu unaweza kuacha sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuanika wala kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Pilipili na kungumanga nazo zinaweza kuipata zikihifadhiwa na unyevu. Mabonge yenye harufu ya gunia au ya udongo ni ya kutupa, basi. Bonge jepesi linalovunjika kwa kidole na harufu bado kali, hilo litumie nyumbani kwako mapema. Usimuuzie mtu.

Na ukimtumia mteja, mwandikie jinsi ya kutumia. Garam masala inaingia mwishoni. Kamba wetu wa Rufiji kwenye tui la nazi, weka nusu kijiko cha chai dakika tano kabla ya kuepua. Ukiichemsha nusu saa, harufu yote imepanda na mvuke, na lawama zitakuja kwako. Bizari ya mchuzi yenye manjano ndiyo inayotangulia na vitunguu kwenye mafuta. Wateja wengi wanachanganya hizi mbili halafu wanasema masala hayana nguvu.

Msimamo wangu ndiyo huo. Nunua vizima kidogokidogo, Kariakoo au kwa mtu anayeleta kutoka Muheza au Morogoro, vihifadhi kwenye chombo kinachobana, saga cha wiki moja. Kama wewe unasaga kilo nyingi na unga wako haugandi hata masika, nieleze hapo chini unafanyaje. Ila uniambie na mahali ulipo, maana Dodoma siyo Nyamisati.