Ploti ya vyumba 12 haiendeshwi kwa kichwa

Kama una ploti Mathare, unajua tarehe 5 inavyokuwa. Simu inalia, pesa imeingia, lakini hii 3,000 ni ya nani? Jina kwenye ujumbe ni la kaka ya mpangaji wa B4, na wewe humjui. Kesho yake keateka anagonga mlango wa mtu ambaye tayari amelipa.

Maoni yangu ni haya: ugomvi mwingi wa ploti hautokani na watu kukataa kulipa. Unatokana na kukosa ankara.

Tuchukue huyo wa B4. Kodi ni 4,500, maji 300, taka 100, jumla 4,900. Anafua nguo za watu na hulipwa kwa wiki, kwa hivyo analipa 3,000 tarehe 5, halafu 1,500 tarehe 12. Kwake, kodi imeisha. Kwako, bado 400. Hakuna anayedanganya. Lakini miezi mitatu ikipita hivyo, anawekewa kufuli kwa deni la 1,200 ambalo hajawahi kuliona limeandikwa popote.

Sasa angalia ankara ya mwezi wa pili, iliyotumwa kwa simu:

B4, Mei
Kodi 4,500
Maji 300
Taka 100
Salio la Aprili 400
Jumla 5,300
Lipa kufikia tarehe 5. Akaunti: B4

Mstari wa salio ndio wenye kazi. Kama mpangaji anaona umekosea, atakuambia leo, si baada ya miezi mitatu. Anayelipa nusu nusu pia aambiwe mapema pesa yake inaenda wapi kwanza. Mimi ningeanza na salio la nyuma, kisha kodi, kisha maji na taka.

Tuma kwa vyumba vyote siku moja, kila mwezi. Tarehe 28 ni nzuri kwa sababu hata Februari inayo, na inamfikia mtu kabla hajatumia pesa ya mwisho wa mwezi.

Pesa ipitie Paybill, si namba yako binafsi. Ukitumiwa kwa namba ya simu, hakuna mahali pa kuandika chumba. Kwenye Paybill, B4 inabaki B4 hata akilipiwa na kaka. Bado kuna atakayeandika jina lake badala ya chumba, kwa hivyo kagua jioni hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi.

Kutenganisha kodi na maji kunakusaidia wewe pia. Vyumba 12 vya 4,500 ni 54,000 kwa mwezi. Ushuru wa KRA wa asilimia 7.5 juu ya kodi ni 4,050, na unalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukichanganya kila kitu, utajuaje kodi ilikuwa ngapi?

Wengine husema ankara ni mambo ya Westlands. Lakini aliye na 400 tu ya kubishania ndiye anayeihitaji zaidi.