Fedha yako mwenyewe nayo ina gharama: hesabu kabla ya kununua mashine ya kukamua alizeti

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa Ikungi, kila msimu wa alizeti ukikaribia napokea swali lile lile: "Afisa, benki wananipa mkopo kwa riba ya asilimia 18. Mashine ikinipa asilimia 20, si nimepata faida?" Jibu langu ni kwamba huenda umepata hasara, kwa sababu umehesabu riba ya benki tu ukasahau kwamba fedha yako uliyoweka nayo ina bei.

Tuseme mashine, banda na kufunga umeme vinagharimu shilingi milioni 20. Benki inakupa milioni 8, wewe unatoa milioni 12. Yaani mkopo ni asilimia 40 ya mtaji na fedha yako ni asilimia 60. Kama kiwanja na banda ulikuwa navyo tangu zamani, viingize kwenye hizo 12 kwa bei ambayo ungeviuza leo, siyo kwa bei uliyojengea.

Sasa jiulize, hizo milioni 12 zingefanya nini kama usingenunua mashine? Wengi wenu mngenunua alizeti wakati wa mavuno, mkaihifadhi na kuuza bei ikipanda. Kama hesabu za daftari lako zinaonyesha kazi hiyo hukupa asilimia 25 kwa mwaka, baada ya kutoa magunia, usafiri na miaka ile bei ilipogoma kupanda, basi 25 ndiyo gharama ya fedha yako.

Kila fedha izidishe kwa sehemu yake. Mkopo: asilimia 40 ya 18 ni 7.2. Fedha yako: asilimia 60 ya 25 ni 15. Jumla ni asilimia 22.2, na huo ndio wastani wa gharama ya mtaji wako. Kwa milioni 20 ni shilingi 4,440,000 kwa mwaka. Mashine inapaswa kukuachia angalau kiasi hicho ukishalipa umeme, vibarua, vipuri, uchakavu na kodi. Ile asilimia 20 ni milioni 4 tu. Benki itachukua 1,440,000 yake, na wewe utabaki na 2,560,000 badala ya milioni 3 ambazo magunia yangekupa bila kelele za mashine.

Hapo kwenye kodi ndipo watu wanapopotoshana. Vitabu vya biashara vinasema gharama ya mkopo ipunguzwe kwa kiwango cha kodi, kwa sababu riba hutolewa kwenye mapato kabla ya faida kutozwa kodi. Ni kweli kwa kampuni. Kampuni inayolipa asilimia 30 ya faida, mkopo wa asilimia 18 unaigharimu 12.6 tu, na wastani wetu ungeshuka hadi kama asilimia 20. Lakini mfanyabiashara mdogo anayelipa TRA kodi ya makadirio anatozwa kwenye mauzo. Ukilipa riba ya milioni moja au usipolipa hata senti, kodi yako ni ile ile. Kwako wewe 18 inabaki 18. Hata kampuni, ikiwa mwaka huo haina faida, haipati unafuu huo mwaka huo.

Angalia pia riba yenyewe. Wakopeshaji wengine wanasema "asilimia moja na nusu kwa mwezi", na ukizidisha kwa 12 unapata 18. Uliza kama inatozwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote hadi mwisho. Ukikopa milioni 8 kwa mwaka mmoja, ukarejesha kila mwezi huku riba ikipigwa kwenye milioni 8 zote, kwa wastani wa mwaka umekaa na fedha zao kama nusu tu. Riba ya kweli inakaribia asilimia 32. Weka 32 mahali pa 18 na wastani unaruka hadi 27.8.

Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kilichopata mkopo wa halmashauri usio na riba kitaweka sifuri upande wa mkopo, na kwa mfano wetu wastani utakuwa 15. Haujawa sifuri, maana michango ya wanakikundi bado ina gharama.

Kuna atakayesema: kama mkopo ni nafuu kuliko fedha yangu, si nikope zote? Hapana. Mvua ikikata na alizeti ikiadimika, benki inalipwa kwanza, wewe unachukua kilichobaki kama kipo. Ukiweka milioni 2 na kukopa 18, hizo mbili zako ziko hatarini kuliko zile 12, kwa hiyo hupaswi tena kuridhika na asilimia 25 juu yake. Kwa kilimo chetu cha kutegemea mvua, mimi mkopo ukivuka nusu ya mtaji huwa nashauri mtu anunue mashine ndogo zaidi, au angoje msimu mmoja.